Friza moja, lita sita: jinsi ya kupima mafuta ya jenereta dukani

Mama mmoja mwenye duka aliniita nimtazamie jenereta. "Fundi, hii mashine inaniibia," alisema. "Kila siku inameza lita nane hadi tisa, na dukani kwangu hakuna kitu kikubwa." Alikuwa na taa sita za LED, televisheni ndogo, sehemu ya kuchajia simu na friza moja ya kulala, ile ya mfuniko wa juu. Jenereta ilikuwa ya petroli, ya kilowati 2. Aliiwasha saa 2 asubuhi na kuizima saa 4 usiku, yaani masaa 14.

Hesabu alikuwa ameshaifanya mwenyewe, juu ya kipande cha boksi. Friza imeandikwa wati 180 na jenereta inatoa wati 2,000, kwa hiyo friza inatumia chini ya moja ya kumi ya nguvu, na kwa hiyo inakula chini ya lita moja kwa siku. Zilizobaki, kwa maoni yake, zilikuwa zikipotea kwenye injini mbovu. Wengi hupiga hesabu hii na haina kosa la kujumlisha wala kugawanya. Kosa lake ni kudhani kwamba mafuta hufuata wati. Sikumbishia. Nilimwambia tupime kwa siku tatu ndipo tuzungumze.

Nitaeleza tulivyopima, ili ukitaka ufanye vilevile kwako. Utahitaji jagi la plastiki la kupimia lenye alama za mililita, ambalo baada ya hapo halitarudi jikoni tena, pamoja na faneli, saa, daftari na kipimajoto cha friza.

Kwanza: kujaza tangi mpaka alama ileile

Kipimo chote kinategemea jambo moja dogo. Unajaza tangi hadi alama fulani, unaendesha injini kwa muda unaojulikana, unazima, kisha unarudisha mafuta hadi alama ileile kwa kutumia jagi. Kiasi ulichorudisha ndicho kilicholiwa. Usitegemee kigeji cha juu ya tangi, kwani mshale wake unaweza kukudanganya kwa nusu lita nzima.

Fungua mfuniko wa tangi uchungulie. Jenereta nyingi ndogo zina chujio la plastiki linaloning'inia shingoni mwa tangi, na ndani yake kuna pete au mstari mwekundu. Huo ndio mwisho wa kujaza, nasi tuliutumia kama alama. Kama yako haina mstari, tumia ukingo wa chini wa chujio. Usijaze hadi mdomoni, kwa sababu petroli hutanuka ikipata joto na itamwagika juu ya injini.

Jenereta isimame mahali palepale, pasipo mteremko, na chora chaki kuzunguka miguu yake. Ikiinama kidogo tu, kiwango ndani ya tangi kinahama na kipimo chako kinaharibika. Hata ukiwa makini hivyo, jicho litakosea kwa kama mililita 50 kila unapojaza. Ikumbuke namba hiyo, tutaihitaji.

Suala la usalama halina mjadala. Zima injini, isubiri ipoe dakika 15, ndipo ufungue mfuniko. Kusiwe na sigara wala moto karibu, wala mtu anayemimina huku injini inanguruma. Na jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Kuna mafundi wanaochomoa mpira wa mafuta na kuning'iniza chupa juu ya injini ili waone mafuta yakishuka. Ni kweli chupa inaonyesha vizuri zaidi, lakini ikidondoka juu ya bomba la moshi utapoteza duka kwa sababu ya kipimo. Achana nayo.

Pili: majaribio manne

La kwanza ni injini tupu. Chomoa kila kitu na uiache iende bure kwa masaa mawili. Mama alinung'unika, "Fundi, unanichomea mafuta bure." Aliporudisha mafuta, zilikuwa mililita 1,100. Kwa hiyo injini ilikuwa inakula lita 0.55 kwa saa bila kuwasha hata balbu moja.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Jenereta ya kawaida lazima izunguke kwa kasi moja wakati wote, mizunguko 3,000 kwa dakika kwa umeme wa hezi 50, ama sivyo umeme wake unaharibika. Haina namna ya kupumzika unapotumia kidogo. Sehemu kubwa ya mafuta inakwenda kwenye kuizungusha yenyewe: kusukuma pistoni, kupuliza feni ya kupoozea, kushinda msuguano. Umeme unaouchukua unaongeza mafuta kidogo tu juu ya hapo.

La pili ni vitu vyote isipokuwa friza: taa, televisheni na simu, kwa masaa manne. Tulirudisha lita 2.35, karibu lita 0.59 kwa saa.

La tatu ni friza peke yake, masaa manne. Hapa kuna mtego. Friza iwe imeshapoa kama kawaida yake kabla hujaanza, na mauzo yaendelee kama siku zote, mfuniko ufunguliwe na kufungwa vilevile. Ukipima friza yenye joto, au friza isiyoguswa na mtu, utapata namba isiyo ya dukani kwako. Tulirudisha lita 2.4, yaani lita 0.60 kwa saa.

La nne ni vyote pamoja, masaa manne ya jioni. Lita 2.6, sawa na 0.65 kwa saa.

Majaribio ya masaa manne si ya kupoteza muda. Linganisha la pili na la nne. Friza imeongeza lita 0.06 tu kwa saa, na kosa letu la kujaza ni lita 0.05. Ungepima saa moja moja, tofauti na kosa vingekuwa sawa na usingejua lolote. Katika masaa manne tofauti inafika lita 0.25 huku kosa likibaki palepale, kwa hiyo namba inaanza kuaminika. Ukipata muda, rudia siku nyingine. Majibu mawili ya jaribio lilelile yakipishana kwa zaidi ya mililita 100, kagua kwanza alama yako ya kujazia, kisha angalia kama kuna mahali mafuta yanavuja, hasa kwenye koki na chini ya kabureta.

Lile jaribio la kwanza lina faida nyingine pia. Injini tupu ya ukubwa huo ikikula mafuta mengi zaidi ya hapo, tazama chujio cha hewa, na hakikisha choki imerudi sawasawa. Ya mama haikuwa na kasoro. Mwizi alikuwa kwingine.

Tatu: kujua nani anaifanya injini iwake

Alipoona friza inaongeza lita 0.06 kwa saa, mama alifurahi. "Si nilikuambia? Friza haina makosa."

Nikamwuliza swali moja tu: "Mama, saa 5 asubuhi, kama friza isingekuwepo, ungeiwasha jenereta?"

Alinyamaza kidogo. Mchana duka lina mwanga wa mlangoni. Televisheni huwashwa jioni. Simu za wateja zinaweza kuchajiwa jioni pia. Akasema, "Ningeiwasha ya nini?"

Swali hilo liulize kwa kila saa ya siku yako, uandike jibu pembeni. Saa ambayo jenereta inawaka kwa ajili ya kitu kimoja, mafuta yote ya saa hiyo ni ya kitu hicho, pamoja na ile lita 0.55 ya kuzungusha injini. Saa ambayo ingewaka kwa vyovyote, kitu hicho kinadaiwa nyongeza yake tu.

Kwa mama, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, masaa 10, injini ilikuwa ya friza. Masaa 10 kwa lita 0.60 ni lita 6. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku taa zinahitajika, kwa hiyo friza inadaiwa lita 0.06 mara masaa 4, kama robo lita. Jumla yake ni lita 6 na robo kati ya lita 8.6 za siku nzima. Duka bila friza lingetumia lita 2.35 tu.

Ile hesabu ya kwenye boksi ilisema chini ya lita moja. Mama alikiangalia kile kipande cha boksi, akakikunja na kukiweka mfukoni bila neno.

Namba zako zitakuwa tofauti na zake, na pengine sana. Duka lenye mashine ya kuchapisha au feni kubwa mchana kutwa lina sababu nyingine ya kuwasha, na friza hapo itatoka na deni dogo. Ndiyo maana ninasema upime kwako.

Nne: friza inahitaji masaa mangapi kweli?

Sasa ukishajua kwamba gharama iko kwenye masaa, swali linabadilika. Badala ya kuuliza friza inatumia wati ngapi, unauliza kompresa yake inahitaji kufanya kazi muda gani kwa siku.

Kaa karibu na friza kwa saa moja ukiwa na daftari. Andika dakika kompresa inapoanza kunguruma na dakika inapokata. Tulipofanya hivyo mchana, ilifanya kazi dakika 52 kati ya 60. Mara masaa 14, ni kama masaa 12 ya kompresa kila siku. Friza ya namna hiyo huwezi kuipunguzia masaa ya jenereta. Ukijaribu, vitu vinayeyuka, utarudi ulipotoka na kusema ushauri haufai.

Tukaitazama friza yenyewe. Kipande cha karatasi ukikibana na mfuniko kinapaswa kushikwa. Kwake, upande wa bawaba karatasi ilitoka yenyewe kama inatoka kwenye bahasha: mpira wa mfuniko ulikuwa umekakamaa na kupasuka. Ndani, barafu kwenye kuta ilikuwa nene kuliko kidole gumba, nayo barafu hiyo inazuia baridi isifike kwenye bidhaa. Nyuma, friza ilikuwa imegusana na ukuta kwa hiyo joto la kompresa halikuwa na pa kwenda, na kuanzia mchana jua la mlangoni liliipiga ubavuni. Kidhibiti joto kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho, kwa sababu haikuwa ikipoa vizuri.

Tulibadilisha mpira, tukaiyeyusha barafu yote siku moja kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa (usikwangue kwa kisu, utatoboa bomba la gesi na friza itakuwa kabati), tukaisogeza kivulini, sentimita 15 kutoka ukutani, na tukarudisha kidhibiti katikati. Baada ya siku mbili tukasikiliza tena. Dakika 30 kati ya 60. Mara masaa 14, ni masaa 7 ya kompresa.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wenzangu hulikosea. Kama mama angefanya matengenezo hayo na kuendelea kuwasha masaa 14, angeokoa kama theluthi ya lita tu kwa siku, kwa sababu injini ingezunguka vilevile. Mpira mpya haukuokoa mafuta wenyewe. Ulichofanya ni kumpa ruhusa ya kuzima.

Tano: kugawa masaa na kulinda baridi

Kompresa inahitaji masaa 7, tukampa 8 ili kuwe na akiba. Jenereta ikawaka saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana, ikazimwa, kisha saa 12 jioni hadi saa 4 usiku pamoja na taa. Zingatia kwamba masaa manne ya friza tuliyaweka juu ya masaa ya taa, ambako injini inawaka kwa vyovyote na friza inakula karibu bure.

Kipimajoto tulikiweka katikati ya bidhaa, karibu na juu, ambako joto hutangulia. Soma mara mbili kwa siku, kabla tu ya kuwasha. Hizo ndizo nyakati mbaya zaidi. Mama alisoma nyuzi 12 chini ya sifuri asubuhi na nyuzi 13 chini ya sifuri jioni, na baada ya kila kipindi cha kuwaka ilirudi hadi 19 chini ya sifuri. Kwa bidhaa zinazouzwa ndani ya siku chache alikubali hali hiyo. Kwa kuhifadhi muda mrefu kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na friza ikipanda na kushuka hivyo haifai kwa kazi hiyo. Chanjo na dawa zisiingie kabisa katika mpango huu. Na chakula cha kuharibika kikishayeyuka na kukaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya masaa mawili, hakigandishwi tena, kinatupwa.

Ukiona kipimo cha asubuhi kinapanda siku hadi siku, hata kwa nyuzi moja moja, masaa hayatoshi. Ongeza nusu saa asubuhi, usisubiri.

Nafasi tupu ndani ya friza tulijaza chupa za maji ya chumvi, gramu 100 za chumvi kwa lita moja. Maji matupu huganda na kuyeyuka kwenye sifuri, yaani yanakuja kusaidia wakati bidhaa tayari ziko karibu kuharibika. Ya chumvi ya kiasi hicho huanza kuganda karibu nyuzi 6 chini ya sifuri, kwa hiyo yanashikilia baridi mapema zaidi. Acha nafasi juu ya chupa, kwa sababu barafu hutanuka na itapasua. Friza iliyojaa inashika baridi karibu mara mbili ya iliyojaa nusu, lakini tu mfuniko ukikaa umefungwa. Mama aliandika orodha ya kilichomo juu ya mfuniko ili msichana anayeuza asichungulie kila anapoulizwa.

Kuhusu kuwasha na kuzima: chomoa friza kabla ya kuzima jenereta. Unapowasha, iache injini itulie dakika mbili tatu, kisha chomeka friza kwanza, ikishaanza ndipo taa na televisheni. Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake kwa kitambo kifupi. Ikiwa imezimwa sasa hivi, ipe dakika 5 kabla ya kuichomeka tena ili mgandamizo wa gesi ushuke. Ukisikia inanguruma kwa sekunde chache kisha "tik" na kunyamaza, haijaanza. Chomoa, usiiache ikijaribu na kujaribu. Mara nyingi sababu huwa ekstensheni ndefu na nyembamba.

Namba za mwisho

Wiki iliyofuata alipima tena mwenyewe, bila mimi. Asubuhi lita 2.4, jioni lita 2.6. Lita 5 kwa siku, kutoka 8.6. Sehemu ya friza imeshuka kutoka lita 6 na robo hadi lita 2.65, na bado ndiyo inayokula zaidi ya nusu.

Aliniuliza kama anunue jenereta ndogo kwa ajili ya asubuhi, kwa kuwa wati 180 hazihitaji mashine ya wati 2,000. Wazo ni zuri, ila linakwamia kwenye kuanza. Aliazima moja ya wati 650, akachomeka, kompresa ikanguruma, taa ya jenereta ikafifia, "tik". Kuna zile za inveta, ambazo injini yake hupunguza kasi mzigo unapopungua, na hizo ndizo zinazomfaa mtu mwenye friza moja na taa chache, mradi iweze kuinua kompresa yako. Usiinunue kwa kusoma karatasi ya boksi. Ibebe friza, au mlete muuzaji dukani, uichomeke mbele yake ikiwa imepoa na ikiwa na joto, mara tatu kila hali.

Mama bado hajanunua. Anasubiri mwenye duka la jirani amwazime ya kwake siku mbili, na jagi lake la mililita liko tayari juu ya friza.